Naomba ushauri: nitumie nusu kipenyo gani kupata kasi ya pikipiki?

Hamjambo wadau. Niko Kasarani, Nairobi, natengeneza mita ya kasi ya boda boda. Sumaku ndogo imefungwa kwenye spoku, na kihisi kwenye fremu kinahesabu kila inapopita. Kuhesabu mizunguko hakunisumbui.

Gurudumu likizunguka mara 300 kwa dakika, hiyo ni mara 5 kwa sekunde. Kila mzunguko ni radiani 2π, kwa hiyo ω, yaani kasi ya kuzunguka, ni kama radiani 31.4 kwa sekunde. Kisha kasi ya pikipiki ni v = ωr, r ikiwa nusu kipenyo kwa mita. Hapo kwenye r ndipo naumia.

Rimu yangu ya inchi 17 ina r ya mita 0.216, na ukingo wake unakwenda kama kilomita 24 kwa saa. Kwenye uso wa nje wa tairi, likiwa halijabeba kitu, r ni mita 0.30, yaani kilomita 34. Rimu na tairi vina ω moja, ila barabara inaguswa na tairi, kwa hiyo rimu naitoa kabisa. Lakini nikibeba abiria, simu inaonyesha kilomita 33, ambayo inataka r ya 0.292. Nadhani tairi linabonyea.

Wenye uzoefu, nipime kutoka ekseli hadi lami abiria akiwa amekaa, au nipige tairi alama ya chaki, nisukume pikipiki mizunguko 10 na abiria juu, kisha nigawe umbali kwa 20π? Mimi naegemea chaki. Na upepo ukipungua kwenye tairi, nipime upya?