Milioni 500 za mapato ya ndani, miradi mitano: tugawe kwa kata au kwa alama?

Mwana Ngamiani (mwanzisha mada):
Wakuu, tuseme jiji letu la Tanga limebakiwa na milioni 500 za maendeleo, na miradi iliyopitishwa na kamati za kata ni mitano. Namba ni za mfano tu: diko la samaki Sahare milioni 320, kumalizia maboma ya zahanati 150, wodi ya wazazi 180, vyoo vya shule 90, vibanda vya soko 80. Jumla 820. Mimi nasema kila kata ipewe mgao wake sawa, maneno yaishe. Nyie mnaonaje?

Mhasibu wa Chumbageni:
Mgao sawa kila mtu anaupenda mpaka apige hesabu. Zigawe kwa kata 27, kila moja inaondoka na milioni 18 na nusu hivi. Hiyo haijengi zahanati wala haimalizi boma, inaanzisha maboma mengine 27. Halafu niulize: ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imeshatolewa? Ya lazima hayapigiwi alama. Yanatolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinashindaniwa.

Mwana Ngamiani:
Imeshatolewa. 500 ni safi.

Kijana wa Duga:
Mbona mtaro wetu haumo kwenye orodha? Mvua ya masika ikinyesha kidogo tu, maji yanaingia vyumbani. Upeni alama 100 tuendelee na mengine.

Mhasibu wa Chumbageni:
Pole ndugu yangu, ila kama mtaro wenyewe unafuata barabara, hiyo ni kazi ya TARURA tangu 2017. Kabla ya kuupa mradi alama, uliza mwenye kazi ni nani. Msipoangalia hilo, mtautengea fedha mradi ambao fungu lake liko kwa mwingine. Upelekeni kwenye bajeti ya TARURA, na diwani wenu aulizie huko huko.

Kijana wa Duga:
Kila tukienda tunaambiwa "huko". Haya.

Dogo Ekseli:
Kazi ndogo hii. Weka vigezo vinne: huduma uzito 35, mapato 30, utayari 20, unafuu wa gharama 15. Kila kigezo mradi unapewa 1 hadi 5. Nimeijaza: diko 84, maboma 76, vyoo 72, wodi 68, vibanda 62.

Ukichukua kwa mpangilio wa alama, diko na maboma vinakula 470, milioni 30 zinabaki bila kazi, umepata miradi miwili. Sasa gawanya alama kwa gharama. Vyoo vinapata 0.80 kwa kila milioni, vibanda 0.78, maboma 0.51, wodi 0.38, diko la mwisho kabisa 0.26. Chukua minne ya juu: 90 + 80 + 150 + 180 = 500 kamili! Jumla ya alama 278 badala ya 160. Mjadala umefungwa.

Bi Mabawa:
Haujafungwa mwanangu, ndiyo kwanza umeanza. Hesabu yako ni sahihi, ila unachokijumlisha sicho unachodhani.

Alama 84 za diko na 72 za vyoo zote ziko ndani ya 100. Zinasema mradi ni mzuri kiasi gani kwa aina yake, hazisemi unawafikia watu wangapi. Diko linalohudumia wavuvi, wachuuzi na mama lishe wa mji mzima, na vyoo vya shule moja, vyote umevipa 5 kwenye huduma. Kwa kuwa alama zina kikomo na gharama haina, ukigawanya tu mradi mkubwa lazima uanguke. Mwakani kata zitaing'amua siri: zitakata mradi mmoja vipande vitatu, kila kipande kibebe alama zake.

La pili, gharama umeihesabu mara mbili. Diko limepata 1 kwenye unafuu na vyoo 5, tayari limepoteza alama 12 hapo. Kisha unaligawanya tena kwa 320. Chagua moja: gharama iwe kigezo, au iwe kigawanyo.

Dogo Ekseli:
Nimekitoa kigezo cha gharama. Diko 81, vyoo 57, zote kati ya 85. Bado diko liko mkiani: 0.25 dhidi ya 0.63.

Bi Mabawa:
Naam, kwa sababu lile la kwanza halijaguswa. Andika kabisa nini maana ya 5: kwa mfano 1 ni chini ya watu 500, 3 ni hadi 2,000, 5 ni zaidi ya 5,000. Hapo vyoo vya shule moja havitapata 5 hata mwenyekiti wa mtaa akilia.

Tena tazama safu yako ya huduma. Miradi minne imepata 5, vibanda tu 3. Uzito wa 35 umeuandika, lakini kati ya hiyo minne haupambanui kitu. Safu ya mapato inatoka 1 hadi 5, kwa hiyo ndiyo inayotenganisha kwa alama 24. Madiwani watadhani wamepitisha huduma mbele, kumbe wamepitisha mapato. Dalili yake ni rahisi: safu ambayo namba zinafanana, uzito wake ni wa karatasini.

Mhasibu wa Chumbageni:
Ndiyo maana uzito upitishwe kikaoni kabla orodha ya miradi haijasomwa. Ukisoma orodha kwanza, kila mtu anatafuta uzito unaombeba.

Mwana Ngamiani:
Sasa kwa hiyo diko lijengwe au lisijengwe?

Bi Mabawa:
Mimi ningetenga mafungu mawili kabla ya alama: 200 kwa miradi inayoingiza mapato, 300 kwa huduma, na alama zishindane ndani ya fungu. Diko na vibanda haviwezi kupimwa ratili moja na wodi.

Diko la 320 haliingii kwenye 200, basi liwe na awamu. Lakini awamu ya kwanza lazima ifunguke na kufanya kazi peke yake: sakafu ya mnada, maji, choo, mifereji ya kuoshea. Chumba cha baridi kije awamu ya pili kwa 120. Ukianza na msingi na nguzo za jengo zima, umeongeza gofu. Upande wa huduma, maboma 150 na vyoo 90 ni 240. Zinabaki 60 za tahadhari, maana nondo na saruji hazisubiri kikao.

Na kwenye maboma, hesabuni fedha zilizobaki kutolewa tu. Zilizokwisha zikwa humo zisikupe wala zisikunyime alama.

Dogo Ekseli:
Nimejaribu kutikisa uzito. Mapato 20, huduma 45: diko bado 84, maboma 82. Mapato 15, huduma 50: maboma 85, diko 84. Maboma hayatoki kwa uzito wowote niliojaribu. Diko linategemea.

Bi Mabawa:
Basi madiwani wabishane juu ya diko, maboma yapite. Kikao kitaisha kabla ya adhuhuri.

Mhasibu wa Chumbageni:
Kuna kitu mmekipita haraka. Ukianza diko kwa awamu, mwakani umeshaahidi 120 kabla hujaketi. Kapu si 500 tena, ni 380, na makusanyo ya ushuru yakishuka unakata wapi? Wodi ya wazazi itasubiri mwaka wa pili kwa ajili ya chumba cha baridi cha samaki. Mimi hapo sijashawishika.

Mwana Ngamiani:
Na mimi bado naona kata ambazo hazina mradi hata mmoja hapo zitauliza.

Kijana wa Duga:
Duga inauliza tayari.