Mrejesho: mayai 30 niliyoyamulika siku ya 7

"Nimemulika mayai ya mashine siku ya 7, mengine yanapitisha mwanga mtupu, mengine yana duara jekundu. Niyatoe au niyaache?"

Nawashukuru nyote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuyatoa mayai sita yaliyokuwa matupu, na nilipoyavunja niliona kiini kizima kisicho na mshipa hata mmoja. Matatu yenye pete ya damu niliyaacha hadi siku ya 10, kwa huruma tu. Pete ilibaki palepale, nikakubali kwamba kijusi kilikufa mapema na damu ikajikusanya pembeni. Yale 21 yaliyosalia yalionyesha mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui kutoka kwenye doa jeusi lililokuwa likitikisika.

Siku ya 18 niliacha kuyageuza. Walitoka vifaranga 16. Watano walifia ndani, wamelowa majimaji, na chumba cha hewa kwenye ncha butu kilikuwa kidogo mno, kwa sababu nilikuwa nimejaza maji mengi kwenye mashine tangu mwanzo. Mmoja wenu alinishauri nichore mpaka wa chumba hicho kwa penseli kila nimulikapo, nami nikapuuza. Mayai ya awamu hii yote yana alama.