Kusogeza stopu hadi bei ya kuingilia: kinga, au hasara ya kimya?

Mwanafunzi wa Chati: Ndugu zangu, kila tredi yangu ya EURUSD ikifikia pipsi 20 za faida, sawa na nilizozihatarisha, husogeza stopu hadi bei niliyoingilia. Hasara zimepungua, lakini akaunti haikui. Kosa liko wapi?

Kipanga: Sioni kosa. Mtaji hulindwa kwanza, na sifuri haijapata kumfilisi mtu.

Bi Rehema: Sifuri hiyo ina gharama, ila haiandikwi popote. Chukua tredi 10 zenye stopu ya pipsi 20 na lengo la pipsi 40, ambapo 4 zinafika lengo na 6 zinapotea: umebaki na pipsi 40. Sasa sogeza stopu kama afanyavyo ndugu yetu. Tuseme kati ya zile 4, mbili hurudi kugusa bei ya kuingilia kabla ya kupanda tena, na kati ya zile 6 moja tu ndiyo iliyofika pipsi 20 kabla ya kugeuka, kwa hiyo inaokolewa. Unapata 80, unapoteza 100. Hasara zimepungua kutoka 6 hadi 5, na bado umetoka mwezi ukiwa chini kwa pipsi 20. Kwa lengo hilo, kila mshindi anayekatwa anahitaji walioshindwa wawili waokolewe ili kumfidia.

Mzee wa Bandari: Mimi broka wangu ni mwizi. Niliuza, nikaweka stopu kwenye bei ya kuingilia, na saa sita usiku tredi ikafungwa ilhali chati haikuigusa bei ile!

Bi Rehema: Pole, mzee wangu, lakini huenda si wizi. Tredi ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununua, wakati chati ya MetaTrader kwa kawaida huchora bei ya kuuza, nayo spredi hupanuka New York inapofunga, ambayo kwetu ni saa sita au saa saba usiku kutegemea msimu wao. Stopu iliyobanwa pale ndiyo huliwa kwanza.

Kipanga: Basi tuisogeze lini?

Bi Rehema: Ukiwa umenunua, subiri bei ivunje kilele kilichotangulia, irudi nyuma, kisha ipande tena, stopu ikae chini ya bonde hilo jipya, hata kama bonde liko chini ya bei uliyoingilia. Soko halijui wewe uliingia wapi.

Kipanga: Na dakika chache kabla ya takwimu za ajira za Marekani? Hapo mimi nitaisogeza tu.

Bi Rehema: Hapo heri upunguze ukubwa wa tredi, maana bei inaweza kuiruka stopu yako.

Mwanafunzi wa Chati: Nimerudi kwenye daftari. Tredi 9 zilifungwa kwenye bei ya kuingilia. 5 baadaye zilifika lengo, 4 zingegonga stopu ya awali.

Kipanga: Tisa ni chache mno. Niletee hamsini.