Mjadala: Barabara ya milioni 600, tozo ya miaka 30. Ni haki?

Chausiku: Kuna rasimu ya mkataba wa kujenga, kuendesha na kukabidhi. Mwekezaji anatoa milioni 600 kujenga, kisha anakusanya tozo miaka 30 ndipo airudishe barabara serikalini. Akishatoa gharama za uendeshaji anabaki na milioni 72 kwa mwaka, yaani milioni 2,160 jumla. Kwa nini asipewe miaka 20?

Rashidi: Dada, hizo huwezi kuzijumlisha hivyo. Mwekezaji na benki yake wanataka 11% kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, milioni 72 za mwaka wa 25 zina thamani ya milioni 5.3 tu leo. Miaka 30 yote inatoa kama 626, yaani anapata chake na ziada kidogo. Ukikata hadi 20 inabaki 573, na hakuna atakayejenga. Miaka kumi ya mwisho, ambayo kwako ni milioni 720, leo ni kama 53.

Nuru: Kupunguza fedha za baadaye hadi thamani ya leo umepunguza vizuri, kaka Rashidi, ila umechanganya vitu viwili. Hiyo 11% tayari imebeba mfumuko wa bei, kwa sababu benki haikopeshi bila kuuhesabu. Lakini mapato umeyaacha palepale kwenye 72 miaka yote. Chausiku, tozo inaruhusiwa kupanda?

Chausiku: Inapanda kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Wamekadiria 4%.

Nuru: Basi picha inageuka. Anza na 72, zikue kwa 4%, kisha uzirudishe kwenye thamani ya leo kwa 11% kwa mwaka: miaka 30 inafika 883, na miaka 20 pekee inatoa 749. Milioni 600 zinarudi, pamoja na hiyo 11%, ndani ya mwaka wa 14. Kwa makadirio haya miaka 20 inatosha kabisa. Ukiona mtu anatetea muda mrefu, mwulize kwanza kama safu yake ya mapato ina mfumuko wa bei au haina. Wengine hukosea kwa bahati mbaya, wengine si kwa bahati mbaya.

Kombo: Mimi ni dereva wa lori, hesabu zenu sizifahamu sana. Ninachojua, tajiri wangu akiona njia ya zamani inapitika ananiamuru nipite huko, usiku hasa. Nyinyi mmeshayahesabu magari kabla hayajaja. Halafu barabara ikirudi serikalini, tozo inakufa?

Nuru: Haifi lazima, Kombo. Serikali inaweza kuendelea kutoza, inategemea sheria na mkataba. Ila hilo la njia ya zamani ndilo linaloua miradi hii. Chausiku, hizo 72 zimetoka wapi?

Chausiku: Makusanyo 90, uendeshaji 18.

Nuru: Sasa magari yakipungua kwa 30%, makusanyo yanakuwa 63, lakini mishahara, taa na vibanda bado vinadai zile 18. Kinachobaki ni 45. Magari yamepungua kwa 30%, fedha zimepungua kwa zaidi ya theluthi. Thamani ya miaka 30, hata tozo ikipanda, inashuka hadi kama 552. Mwekezaji aliyeonekana mlafi sasa yuko kwenye hasara.

Rashidi: Ndiyo maana serikali imhakikishie kiwango cha chini cha mapato.

Nuru: Hapo siungi mkono. Dhamana hiyo huwa inadaiwa uchumi ukiwa umelala, wakati kodi nazo zimeshuka. Chile walijaribu njia nyingine mwaka 1998, kwenye Barabara ya 68 kati ya Santiago na Valparaíso. Wazabuni hawakushindania miaka. Walitaja thamani ya sasa ya makusanyo wanayotaka, na aliyetaja ndogo alishinda. Ikishakusanywa, mkataba unaisha. Magari yakiwa mengi unaisha mapema, yakiwa machache unasogea. Hatari ikipungua hivyo, hata hiyo 11% mnaweza kubishana nayo ishuke.

Rashidi: Na benki itakopesha bila kujua mwisho ni lini? Tena mwekezaji huyo ana sababu gani ya kuvutia magari, kama kila gari linamharakishia kuondoka?

Nuru: Hilo la pili ni doa la kweli. Unaweza kuweka adhabu za ubora wa barabara, lakini nani atapima? La benki linapunguzwa kwa kuweka ukomo wa juu wa miaka, ingawa ukomo nao unarudisha sehemu ya hatari ileile.

Fundi Salehe: Samahani, mimi ni wa lami. Kwenye hizo 18 kuna kutandika upya tabaka la juu?

Chausiku: Naona kufagia, kuziba mashimo, alama na ukusanyaji. Kutandika upya sioni.

Fundi Salehe: Basi hata hiyo 883 ipunguzeni. Malori mazito hayasubiri miaka 30, na mwekezaji aliyebakiza miaka mitatu hawezi kutandika lami atakayoifaidi mwingine. Kuna kifungu cha kuzuia sehemu ya tozo mwishoni mpaka barabara ipimwe?

Chausiku: Kimeandikwa "hali nzuri", basi.