Tarehe ya mwisho wa kazi inaangukia Jumatatu ya Pasaka: nirekebishe wapi?

Mratibu_Morogoro: Habari zenu wanajukwaa. Ninaratibu kazi za uhariri katika ofisi ndogo, na jedwali letu la Google Sheets lina tarehe ya kupokea mswada katika safu B, idadi ya siku za kazi katika safu C na tarehe ya kukabidhi katika safu D. Nimeorodhesha sikukuu katika laha nyingine niliyoiita Sikukuu, kwa mfano 07/04/2026 kwa Siku ya Karume, kisha nikaandika hivi:

```
=WORKDAY(B2,C2,Sikukuu!A2:A20)
```

Mswada uliopokewa Jumatatu, tarehe 30 Machi 2026, una siku 5 za kazi. Fomula inaruka Jumamosi na Jumapili vizuri, lakini inanipa tarehe 6 Aprili, ambayo ni Jumatatu ya Pasaka, ingawa siku hiyo imo katika orodha yangu. Naomba msaada wenu.

Kaka_Tanga: Mimi natumia njia nyepesi zaidi: jumlisha siku kwenye tarehe ya kupokea, kisha ukitumia WEEKDAY, jibu likiangukia Jumamosi ongeza siku mbili, na likiangukia Jumapili ongeza moja. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Bi_Hesabu: Ndugu yangu wa Tanga, njia yako inaiondoa kazi kwenye Jumamosi, lakini siku za mapumziko zilizo katikati bado zinahesabiwa kama siku za kazi, kwa hiyo kwa mswada wa siku 15 mhariri atakuwa amenyang'anywa siku kadhaa.

Ndugu Mratibu, fomula yako ni sahihi isipokuwa jambo moja nitakalolieleza baadaye. Tatizo nadhani liko kwenye orodha yenyewe. Chagua tarehe zote za laha ya Sikukuu, kisha ubadilishe muundo wake ili zionyeshe jina la siku na jina la mwezi. Je, ile uliyoiandika 07/04/2026 kwa ajili ya Siku ya Karume inasomekaje?

Mratibu_Morogoro: Inasomeka Jumamosi, tarehe 4 Julai 2026! Ijumaa Kuu nayo imekuwa tarehe 4 Machi.

Bi_Hesabu: Basi ndiyo hiyo. Faili lako limewekwa katika mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi, na hatari yake ni kwamba halikuonyeshi kosa lolote, kwa kuwa 4 Julai nayo ni tarehe halali. Fungua File, kisha Settings, na kwenye Locale uchague United Kingdom. Hata hivyo, kubadilisha mpangilio hakuzirudishi tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya, kwa hiyo uziandike upya, na ukague safu B pia. Ukitaka tarehe isiyotegemea mpangilio wowote, andika hivi:

```
=DATE(2026,4,7)
```

Jambo la pili ni alama za dola. Ukiiburuta fomula yako kwenda chini, A2:A20 inakuwa A3:A21, kisha A4:A22, na sikukuu za mwanzo wa mwaka zinadondoka moja baada ya nyingine. Ifunge hivi:

```
=WORKDAY(B2,C2,Sikukuu!$A$2:$A$20)
```

Sasa hesabu itakwenda Jumanne tarehe 31, Jumatano na Alhamisi, iruke Ijumaa Kuu tarehe 3, wikiendi, Jumatatu ya Pasaka na Siku ya Karume, kisha imalizie Jumatano na Alhamisi. Jibu ni tarehe 9 Aprili. Fahamu kwamba siku ya kupokea haihesabiwi. Kama makubaliano yenu yanaihesabu, weka B2-1 badala ya B2, nawe utapata tarehe 8.

Msafiri_Maskati: Samahani kwa kuingilia. Huku Omani tunapumzika Ijumaa na Jumamosi, na WORKDAY inanipangia kazi siku ya Ijumaa. Nifanyeje?

Bi_Hesabu: Tumia WORKDAY.INTL, ambayo namba 7 ndani yake inamaanisha mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi:

```
=WORKDAY.INTL(B2,C2,7,Sikukuu!$A$2:$A$20)
```

Wanaopumzika Jumapili pekee waweke 11. Ila anayefanya kazi nusu siku Jumamosi hatasaidiwa na fomula hii, kwa sababu inajua siku nzima tu.

Mratibu_Morogoro: Nashukuru sana, imetoa tarehe 9. Limebaki suala la Idi, ambayo hutegemea mwezi kuandama. Nikibadilisha tarehe yake baada ya tangazo, tarehe za kukabidhi nilizokwisha kuwatumia wahariri zitabadilika zenyewe.

Kaka_Tanga: Zigandishe. Ukishazituma, zinakili na uzibandike kama thamani tu katika safu E, kwa Ctrl+Shift+V.

Bi_Hesabu: Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, kwa kuwa mhariri atakosa siku aliyostahili kupumzika. Mimi huacha D ihesabu upya, E ibaki na tarehe iliyotumwa, na zikitofautiana namwandikia mhariri. Ni ipi kati ya hizo mbili inayomfunga, hilo mkubaliane naye kabla.