Naombeni ushauri: dashibodi inatakiwa Jumatatu, Prometheus inakufa na grafu zina mapengo

Mchuuzi wa Seva (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kampuni ndogo hapa Dar, tunauza tiketi za basi mtandaoni. Programu ni ya Flask, inaendeshwa na Gunicorn, seva ina RAM ya GB 4. Bosi kataka hadi Jumatatu kuwe na dashibodi kwenye televisheni ya ofisini. Nimeweka prometheus_client, nimefungua `/metrics`, Prometheus inakuja kusoma kila sekunde 15, na Grafana ipo. Mpaka sasa nimechora grafu 32.

Shida mbili. Prometheus inakula RAM mpaka seva inaizima. Halafu Ijumaa iliyopita jioni, muda ule ule ambao wateja wanalalamika, grafu zina mapengo, mstari hakuna kabisa. Je, nipandishe seva hadi GB 16 au nihame mfumo? Na niongeze grafu zipi ionekane ya kitaalamu?

Dereva Mstaafu
Kijana, dashibodi ya Noah yangu taa ya injini inawaka wiki ya tatu sasa, fundi anasema nisiijali. Nyie wenzetu grafu 32 mnaziangaliaje kwa wakati mmoja?

Bingwa wa Mtaa
Panda GB 16, mkuu, usijitese. Prometheus ni mlafi tangu zamani, hata kwetu ni hivyo hivyo. Kwenye grafu weka CPU, RAM, diski na wastani wa muda wa majibu. Imetosha, bosi ataridhika.

Shangazi Sufuria
Mimi nilikuwa na mfumo wa kikoba, wanachama 60. Tukachora grafu ya wastani wa muda, inasoma nusu sekunde, tunajisifu. Kumbe akina mama watano kila siku wanasubiri zaidi ya dakika, na hao watano ndio walioenda kututangaza vibaya kwenye harusi. Wastani unawameza watu wa namna hiyo. Tangu siku ile grafu ya wastani siitaki.

Kobe Mpole
Shangazi umenena. Mleta uzi, kabla ya kununua RAM tuonyeshe kwanza ulivyoandika kipimo cha muda. Na utuletee jibu la hii:

```
curl -s localhost:8000/metrics | wc -l
```

Mchuuzi wa Seva
Ni kipimo cha kawaida tu, mkuu, nimefuata maelezo ya kwenye maktaba. Hiyo amri inatoa 183642.

Kobe Mpole
Kwa programu yenye kurasa chache, hesabu hiyo inatakiwa iwe mamia, labda elfu moja na kitu. Una lebo gani pale? Usifiche, daktari hatibu anayeficha kidonda.

Mchuuzi wa Seva
Sawa. Lebo ni njia, hali, na namba ya simu ya mteja. Lakini kuna sababu! Bosi akipigiwa na mteja anataka aandike namba pale juu ya Grafana aone huyo mtu alikwama wapi. Hiyo haibadiliki, nimeshamwahidi.

Kobe Mpole
Basi tumempata mlafi, na si Prometheus. Kila mchanganyiko mpya wa lebo ni mfululizo mpya ambao Prometheus inaubeba kwenye kumbukumbu. Histogramu ya maktaba hiyo ina ndoo 15 za kupanga muda, jumla na idadi, kwa hiyo mteja mmoja kwenye ukurasa mmoja ni angalau mistari 17. Akipita kurasa 3 ni mistari 51. Wateja 3,600 tu tangu uwashe programu wanakufikisha 183,600. Na mteja aliyenunua tiketi moja Jumanne anaendelea kubebwa mpaka uizime na kuiwasha upya. GB 16 itakununulia wiki kadhaa, halafu utarudi hapa hapa.

Swali la "Juma alikwama wapi" ni la logi. Andika mstari mmoja kwa kila ombi wenye namba ya muamala, bosi atafutiwe humo. Vipimo vinajibu swali lingine: watu wangapi wamekwama, na tangu saa ngapi.

Mchuuzi wa Seva
Je, nikiihashi namba? Haitasomeka tena.

Shangazi Sufuria
Ng'ombe ukimvisha baibui anabaki ng'ombe, na majani anakula yale yale. Namba 3,600 ukizihashi ni hashi 3,600.

Mwalimu Kibatari
Mnazungumzia RAM, mimi naona jambo zito zaidi. Hiyo `/metrics` iko wapi? Mtu wa nje akiandika anwani yenu na `/metrics` anaiona?

Mchuuzi wa Seva
...anaiona. Sikuwahi kufikiria kuna mtu ataijua.

Mwalimu Kibatari
Subhanallah. Namba za simu za wateja, pamoja na ukurasa waliofungua, ziko wazi kwa dunia nzima! Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hii si ya kutania. Vijana wa siku hizi mnafungua milango kwanza, kufuli mnatafuta baadaye. Ifunge usiku huu huu, ndipo uje tujadili rangi za grafu.

Bingwa wa Mtaa
Hapo nakazia, ifungwe kwenye Nginx. Ila nami nina swali. Grafu ya p95 ya malipo, ule muda ambao asilimia 95 ya maombi hayauvuki, inasoma ngapi? Tuone kama kweli ni nzito.

Mchuuzi wa Seva
Ijumaa, kabla ya pengo, ilikuwa sekunde 10. Alhamisi jioni 10, Jumatano jioni 10. Kitu kingine cha ajabu: nikirudia curl, kaunta ya maombi ya `/lipa` inasoma 1412, nikirudia 1387, nikirudia 1430, halafu 1412 tena.

Nyuki wa Tabora
Chai hii wakuu, na sukari imezidi. Jioni tatu mfululizo 10 kamili, bila hata pointi? Na kaunta inayorudi nyuma? Kaunta hairudi nyuma, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mleta uzi ametunga namba akiwa kwenye daladala. Mods, funga uzi.

Dereva Mstaafu
Mimi nilishangaa toka zile grafu 32.

Bingwa wa Mtaa
Daah, nimeanza kuhisi nimepotezewa bando.

Kobe Mpole
Nyuki, hapo ndipo mimi nilipoanza kumwamini. Mtunzi angeandika 9.7 ili ionekane halisi. Ndoo za maktaba zinaishia sekunde 10, juu yake iko ya "zaidi ya hapo" tu. Mtu wa 95 kati ya 100 akiangukia humo, `histogram_quantile` haina namba ya kukupa, inakurudishia mpaka wa mwisho inaoujua, yaani 10. Ukiona mstari umenyooka kama dari, jua ni dari. Ukweli unaweza kuwa 14, unaweza kuwa 25.

Kaunta nayo: mleta uzi, Gunicorn ina vibarua wangapi? Nadhani 4. Kila mmoja ana daftari lake, na curl inajibiwa na yeyote aliye huru. Unasoma madaftari manne tofauti ukidhani ni moja. Prometheus ikiona namba imeshuka inadhani programu imewashwa upya, basi `rate` inazua maombi ambayo hayakuwepo. Dawa ni `PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR` pamoja na `MultiProcessCollector` kwenye `/metrics`, ili madaftari yajumlishwe. Hilo folda lifutwe kila unapowasha, la sivyo utasoma hesabu za marehemu.

Nyuki wa Tabora
Hmm. Ya dari nakubali. Lakini malipo gani yanachukua sekunde zaidi ya 10? Bado nasubiri maelezo.

Mchuuzi wa Seva
Vibarua ni 4, kweli. Na mteja akibonyeza lipa, tunatuma ombi kwenye mtandao wa simu, halafu tunasubiri aweke PIN. Wengi wanachukua sekunde 15 hadi 25. Tunasubiri hapo hapo kwenye ombi lile lile. Ndivyo nilivyolikuta, na linafanya kazi vizuri tu.

Kobe Mpole
Hapo sasa. Watu wanne wakitafuta PIN kwa pamoja, duka zima limefungwa. Wa tano anasubiri nje, na histogramu yako haimwoni, kwa sababu saa inaanza kuhesabu kibarua akishalipokea ombi. Na anayekuja kusoma `/metrics` anapanga foleni hiyo hiyo. Prometheus inavumilia sekunde 10 isipobadilishwa, kisha inaondoka mikono mitupu. Nadhani mapengo yako ya Ijumaa ni hayo, ingawa ukurasa wenye mistari laki na ushee nao hauko bila lawama.

Futa zile 32. Kwa kuanzia chora tatu. Ya kwanza, malipo yaliyoanza na yaliyokamilika kwa dakika, mistari miwili kwenye grafu moja: nafasi kati yake ikipanuka, bosi ataelewa bila kuelezwa. Ya pili, p95 ya `/lipa`, ukiongeza ndoo zifike mbali. Ya tatu, maombi yaliyo mikononi mwa vibarua sasa hivi:

```python
mkononi = Gauge('maombi_mkononi', 'Yanayoshughulikiwa sasa',
                multiprocess_mode='livesum')
muda = Histogram('muda_wa_ombi_sekunde', 'Muda wa ombi', ['njia'],
                 buckets=(0.1, 0.5, 1, 2.5, 5, 10, 20, 30, 60))
```

Na `/metrics` itolewe na mchakato mwingine, kwenye poti yake isiyofika nje.

Bingwa wa Mtaa
Kwa nini asiongeze vibarua wawe 40, yaishe?

Kobe Mpole
Kwenye GB 4, kila mmoja akibeba Flask nzima? Afadhali nyuzi, `--worker-class gthread --threads 8`. Mimi ningetaka mteja ajibiwe mara moja "tunasubiri PIN", halafu ukurasa wenyewe uulize kila baada ya sekunde 3.

Shangazi Sufuria
Hapo tunatofautiana. Kwenye mtandao hafifu huko njiani, kuuliza kila sekunde 3 kunamalizia watu bando. Sisi tuliachia meseji ya simu imjulishe.

Mchuuzi wa Seva (Jumamosi, saa 3 asubuhi)
Wakuu, nimerudi. Namba ya simu nimeitoa, `/metrics` nimeifunga, curl sasa inatoa mistari 214. Jana mapengo hayakuwepo. Grafu ya `maombi_mkononi` ilipanda saa 11:40 jioni ikagota kwenye 4, ikanyooka hivyo hadi saa 1:50 usiku. p95 ilifika 24. Nyuzi bado sijaweka, nataka Jumatatu bosi auone ule mstari kwanza, maana mwezi mzima analaumu mtandao wa simu.

Ila nimeacha kipimo kimoja chenye namba za simu, za mawakala wetu 40 tu. Bosi kang'ang'ania.

Kobe Mpole
Kwa RAM, 40 haziumi. Kwa maneno ya Mwalimu zinauma. Kila wakala si ana jina la kituo? Tumia hilo.

Mwalimu Kibatari
Na televisheni hiyo iko mapokezi, wateja wanapokaa?

Mchuuzi wa Seva
Iko mapokezi ndiyo.

Dereva Mstaafu
Na taa ya Noah, jamani?