Barua ya kazi kwa mkono: fulskepu au A4 tupu? Biro au jeli?

Binti_Umoja:
Habari zenu wadau. Kuna tangazo la kazi limesema barua iandikwe kwa mkono. Duka la vifaa vya ofisi hapa mtaani lina fulskepu yenye mistari, A4 ya kawaida ya fotokopi, na zile karatasi nene za krimu za gramu 100. Kalamu nina biro ya buluu na ya jeli nyeusi. Nichukue ipi? Sitaki kununua zote.

Mzee_wa_Ngara:
Fulskepu, bila kufikiria mara mbili. Barua ya serikali huandikwa kwenye fulskepu tangu zamani. Mistari ipo tayari, mwandiko unanyooka, kazi kwisha.

KasaraniPoa:
Siku hizi si unatuma tu kwa barua pepe? Ichape, ihifadhi kama PDF, jina lako kwanza kisha cheo. Wakubwa hawana muda wa kufungua bahasha.

Karani_Masjala:
Kasarani, tangazo limesema kwa mkono. Ukituma iliyochapwa inawekwa kando kabla haijasomwa, maana hicho ndicho kitu cha kwanza kinachokaguliwa.

Dada Binti, umetuacha gizani. Mwajiri ni nani? Unapeleka mwenyewe au kwa Posta? Mwisho lini? Na rasimu yako ina maneno mangapi? Bila hilo la mwisho hakuna atakayekuambia karatasi gani.

Binti_Umoja:
Pole. Ni shule ya bweni, nafasi ya karani wa hesabu. Barua inaenda kwa katibu wa bodi. Nitapeleka mwenyewe, mwisho Ijumaa. Rasimu ni kama maneno 240, nimeiandika kwenye simu.

Karani_Masjala:
Basi tupige hesabu ya mistari, maana hapo ndipo watu hukwama.

A4 ina urefu wa milimita 297. Acha 25 juu na 25 chini, unabaki na 247. Mistari ikiachana milimita 8 unapata kama 30. Sasa toa: anwani yako mitatu na tarehe mmoja, ruka mmoja. Cheo na anwani ya shule minne, ruka. Salamu, ruka. KUH, ruka. Hiyo ni 14 kabla hujasema neno. Mwishoni ruka mmoja, "Wako mwaminifu", miwili ya sahihi, jina, simu. Sita hiyo. Umebaki na mistari 10 ya kusema shida yako, na kwa mwandiko wa kawaida mstari mmoja hubeba maneno manane au tisa. Yaani maneno 90 hivi.

Ukibana mistari iwe ya milimita 7 unapata 35, kwa hiyo 15 ya mwili, maneno kama 130. Maneno 240 hayaingii hata ukiandika kama mchwa. Punguza. Shule ulizosoma na alama zako ziko kwenye wasifu, barua haina haja ya kuzirudia.

Mzee_wa_Ngara:
Ndiyo maana nikasema fulskepu! Ni ndefu kuliko A4, mistari minne zaidi ya bure.

Karani_Masjala:
Mzee wangu, hiyo minne ndiyo inayowaua watu. Niwaeleze barua inavyopita mezani.

Bahasha inakatwa juu kwa mkasi. Barua inagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri unatua popote penye nafasi kule juu. Kisha inatobolewa kwa panchi upande wa kushoto: matundu mawili, katikati ya kila tundu ni milimita 12 kutoka ukingoni, ndipo iingie kwenye faili. Halafu inatolewa fotokopi, kila mjumbe wa jopo apate yake.

Kioo cha mashine nyingi ndogo za ofisi ni cha A4. Fulskepu ina urefu wa kama milimita 330, kwa hiyo sentimita tatu na ushee za chini hazinakiliwi mtu asipokuwa makini. Na chini kuna nini? Sahihi, jina na namba ya simu. Kuna barua ilifika ikiwa na mwandiko wa kupendeza, fulskepu, pambizo ya kushoto upana wa kidole. Panchi ikala mwanzo wa mistari miwili: tundu moja likapita kwenye mwaka wa cheti, la pili likafuta neno "si" katika sentensi ambayo bila hilo neno ilisema kinyume kabisa. Muhuri ulikosa nafasi ukagongwa juu ya anwani. Fotokopi ikakata namba ya simu. Jopo lilikuwa na nakala isiyo na mtu wa kupigiwa. Aliyeshika faili angeweza kuitafuta barua yenyewe, lakini pakiwa na barua mia mezani nani atajisumbua?

Kwa hiyo A4, pambizo ya kushoto milimita 25 au 30, kulia 20. Simu yako iandike juu pamoja na anwani, huo ni mstari mmoja umeokoa chini pia.

Shoto_Kamili:
A4 haina mistari. Mwandiko wangu hupanda mlima ukifika kulia.

Mwl_Hati:
Tengeneza karatasi ya kuongoza. Chukua A4 moja, piga mistari ya milimita 7 au 8 kwa rula na kalamu nene nyeusi ya maka, piga na mistari miwili ya pambizo. Iweke chini ya karatasi safi, bana zote mbili juu kwa klipu ili zisiteleze. Kwenye karatasi ya gramu 80 mistari inaonekana vizuri. Ile nene ya gramu 100 yenye mbavumbavu huficha mistari mchana, labda uegemeze kwenye kioo cha dirisha, na hapo mkono unachoka. Isitoshe biro hurukaruka juu ya zile mbavu. Kwa hiyo, Binti, ya krimu iache dukani.

Kwenye hiyo karatasi ya kuongoza weka pia alama pale anwani yako itakapoanzia, kama milimita 130 kutoka kushoto. Mistari yote ya anwani ianze hapo, ili ukingo wake wa kushoto usimame wima. Usiweke alama ya penseli kwenye barua yenyewe. Ufutio husugua wino ulio jirani na kuacha doa la kijivu.

Binti_Umoja:
Asanteni. Na kalamu je?

KasaraniPoa:
Nunua zile za jeli zinazofutika, zina mpira nyuma. Ukikosea unasugua, hakuna alama.

Mwl_Hati:
Hapana! Wino ule haufutiki, unapoteza rangi kwa joto la msuguano. Ukifika nyuzi joto 60 hivi unapotea wote. Bahasha ikisahauliwa kwenye dashibodi ya gari juani, au karatasi ikipitia mashine ya moto ya laminesheni, mwajiri anabaki na karatasi tupu yenye mikwaruzo.

Biro ni salama zaidi. Wino wake ni wa mafuta, mvua ikigusa bahasha hautiririki. Jeli inategemea: nyingine zina rangi ya chembe zinazoshika karatasi, nyingine zinayeyuka kwa tone moja la maji. Jaribu kwanza: andika neno, subiri dakika tano, lowesha kidole upitishe.

Shida za biro ni mbili. Wino hujikusanya pembeni mwa kijimpira cha ncha kisha unaanguka kama kidonge, hasa baada ya herufi za mviringo. Futa ncha kwenye karatasi chakavu kila baada ya mistari miwili mitatu. Pili, inakataa kuandika sehemu ya chini ya ukurasa, watu wanafikiri imeisha. Haijaisha. Ni mafuta na jasho la mkono wako vimeshalowa hapo, kijimpira kinateleza bila kuzunguka. Weka karatasi safi chini ya kiganja tangu mstari wa kwanza, uishushe unavyoshuka.

Shoto_Kamili:
Sisi wa mkono wa kushoto jeli tumeisahau, kiganja chote kinakuwa cheusi. Biro tu, na nageuza karatasi, sehemu ya juu ielekee kulia, ili mkono upite chini ya mstari.

Mzee_wa_Ngara:
Akikosea herufi moja kuna wembe. Unakwaruza taratibu, unasugua kwa ukucha, unaandika juu. Nani atajua?

Karani_Masjala:
Kwenye karatasi nene labda. Gramu 80 ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ukikwaruza nyuzi zinasimama na wino mpya unasambaa. Ukiinua kwenye mwanga panang'aa. Tipeksi nayo ni mbaya zaidi kwenye kazi ya hesabu, maana karani wa hesabu anayepaka tipeksi kwenye rekodi ni tatizo.

Dawa ni rasimu ya mstari kwa mstari. Usinakili kutoka kwenye simu: kioo kinazima, jicho likirudi linashika neno linalofanana mistari miwili chini, unaruka sentensi nzima. Andika rasimu kwa biro ile ile juu ya karatasi ile ile ya kuongoza, kila mstari uishie pale utakapoishia kwenye barua. Hapo utajua mapema neno gani halitatosha ukingoni. Kisha andika vichwa vya barua kwenye karatasi tatu, anwani hadi KUH, ndipo uanze mwili wa ya kwanza. Ukiharibu, nusu ya kazi ya pili iko tayari.

Mwl_Hati:
Na chini weka karatasi mbili tatu za ziada. Juu ya meza tupu biro inakwaruza, ila ukiweka daftari zima ncha inazama na kuacha mifereji nyuma.

Binti_Umoja:
Nimepunguza hadi maneno 142. Nyeusi au buluu?

Mzee_wa_Ngara:
Buluu. Inaonyesha ni halisi, si fotokopi.

Karani_Masjala:
Nyeusi. Buluu hafifu hupauka kwenye nakala.

Mwl_Hati:
Buluu iliyokoza inanakilika vizuri tu. Karani, mashine yenu inahitaji tona.

KasaraniPoa:
Kwani lazima aandike mwenyewe? Kuna watu mjini wana hati kama ya mashine, unawalipa wanakuandikia.

Karani_Masjala:
Akiitwa usaili na kupewa karatasi ajaze fomu pale pale, miandiko miwili itakaa upande kwa upande ndani ya faili moja.

KasaraniPoa:
Umeona hilo likifanyika mara ngapi?

Shoto_Kamili:
Swali lingine: bahasha. Barua ikunjwe mara tatu au iingie nzima kwenye kaki ya A4?

Mwl_Hati:
Kama kuna vyeti, nzima. Andika juu ya bahasha kabla hujaitia barua, la sivyo biro itachapa mifereji kwenye ukurasa wako.

Binti_Umoja:
Na wasifu nao ni kwa mkono? Tangazo halijasema.

Mzee_wa_Ngara:
Kwa mkono pia.

Karani_Masjala:
Kama halijasema, chapa. Piga simu shuleni uulize.